Uzi: Naombeni maswali ya wasilisho, mfumo wa uwiano dhidi ya mshindi wa jimbo. Nani hasa anafaidika?

Binti_Nansio
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, nasoma sayansi ya siasa. Kikundi chetu kimepangiwa kulinganisha mfumo wa uchaguzi wa uwiano, yaani vyama kugawana viti kwa kadiri ya kura zao, na ule wa mshindi wa jimbo kuchukua kiti. Tunawasilisha kwa dakika 20, halafu sisi wenyewe ndio tunalirushia darasa maswali, na mwalimu ametuambia alama nyingi ziko kwenye maswali hayo.

Tulichonacho mpaka sasa ni hiki: Mfumo upi ni wa kidemokrasia zaidi? Kwa nini nchi nyingi za uwiano zina serikali za mseto? Je, uwiano unawasaidia wanawake na vyama vidogo? Mimi naona maswali haya mtu anaweza kuyajibu bila kufikiri. Naomba msaada wa maswali yenye meno, na kama kuna nchi moja tunayoweza kuishikilia mwanzo mpaka mwisho badala ya kurukaruka, nitashukuru sana.

Kibo_View
Dada, mbona hili ni jepesi? Mfumo wa walio wengi ni asilimia 50 jumlisha kura moja, kama Kenya kwa rais. Asipofikisha mnarudia duru ya pili. Swali la darasa liwe: duru ya pili inagharimu kiasi gani, na je, nasi tuige?

Nyundo_Baridi
Kibo, huyo anauliza kuhusu bunge, wewe umeingia Ikulu.

Binti, mimi nitakupa swali moja la kutosha dakika zote 20: nani anatawala? Kwenye mshindi wa jimbo unajua usiku wa matokeo nani anaunda serikali, na miaka mitano baadaye unajua nani wa kumlaumu. Kwenye uwiano unapiga kura Jumapili, kisha vyama vinajifungia hotelini mwezi mzima kugawana wizara. Chama chenye asilimia nne kinamwekea masharti chenye asilimia 40. Angalia Israeli, wamepiga kura mara tano kati ya 2019 na 2022. Hapo anayefaidika ni dalali, mpiga kura hana chake.

Mhitimu_wa_Roma
Binti, chukua Lesotho, usiondoke hapo. Nilisoma chuo cha Roma, kilomita kama 35 kutoka mji mkuu Maseru, na sijaona nchi nyingine inayofundisha jambo hili vizuri kama ile, kwa sababu imetumia mfumo wa mshindi wa jimbo, ikaumia, ikaleta mchanganyiko na uwiano, kisha vyama vikauchezea, kisha sheria ikabadilishwa tena. Wapiga kura walewale, milima ileile, kanuni tofauti.

Anza na 1993. Bunge lilikuwa na viti 65, vyote vya majimbo. Chama cha BCP kilipata karibu robo tatu ya kura, kikachukua viti vyote 65. BNP kilikuwa na zaidi ya asilimia 22 ya kura na hakikupata hata kiti kimoja. Mwaka 1998 viti vimekuwa 80. LCD, kilichomeguka kutoka BCP mwaka mmoja kabla, kinapata asilimia 60.7 ya kura na viti 79. BNP asilimia 24.5, kiti kimoja. BCP asilimia 10.5, hakuna kitu. Kwa hesabu ya uwiano wa kawaida LCD angepata viti kama 49, BNP 20, BCP 8. Angetawala vilevile, tena kwa wingi wa kutosha. Tofauti ni kwamba wapinzani wangekuwa na mahali pa kukaa.

Hawakuwa nao, wakaenda kukaa mbele ya kasri la mfalme. Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia, na katikati ya mji wa Maseru iliungua.

Nyundo, usiku wa matokeo ya 1998 kila mtu alijua nani anatawala.

Nyundo_Baridi
Mkuu heshima yako, ila hapo umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Wale waliandamana wakidai kura zimeibwa, hawakuandamana kudai uwiano. Hata tume ya Jaji Langa iliundwa kuchunguza madai ya wizi.

Mhitimu_wa_Roma
Ni kweli, walidai wizi, na tume ile iliona kasoro lakini haikusema matokeo ni batili. Nami sisemi mfumo peke yake ndio uliwasha moto. Jiulize tu kwa nini madai yale yalishika hivyo. Mtu ambaye kwenye kijiji chake nusu ya majirani ni BNP anasikia redioni kwamba BNP ina kiti kimoja nchi nzima. Hata kura zingehesabiwa kwa haki kabisa, matokeo yale yanafanana na wizi. Hilo ni swali la darasa, Binti: matokeo halali ambayo hayaaminiki yana faida gani kwa aliyeshinda?

Jirani_Kisumu
Mhitimu, mimi naona ajabu. Huku Kenya tuna mshindi wa jimbo na hakuna chama kikubwa cha upinzani kilichowahi kubaki na kiti kimoja. Hata vyama vidogo vinapata vyao. Pia sisi tayari tuna uwiano, Katiba ya 2010 ina wabunge 12 wa kuteuliwa kwa orodha za vyama. Kwa hiyo tatizo ni la Lesotho.

Mhitimu_wa_Roma
Jirani, nusu ya kwanza umegonga penyewe. Kinachoamua ni kura zimekaa vipi kwenye ramani. Lesotho karibu wote ni Basotho, hakuna ngome kubwa za kikanda kama za kwenu. Chama cha pili kinakuwa cha pili kila mahali, na kuwa wa pili kila mahali kwenye mfumo wa jimbo ni kuwa sifuri. Kenya chama kikiwa na ngome, kina viti.

Tanzania tuna mfano wetu, na Binti aubebe. Mwaka 1995 NCCR-Mageuzi walipata karibu asilimia 22 ya kura za ubunge nchi nzima, wakapata majimbo 16. CUF walipata kama asilimia 5, wakapata majimbo 24, kwa sababu kura zao zilikuwa zimejazana Zanzibar, hasa Pemba, kwenye majimbo yenye wapiga kura wachache. Uchaguzi mmoja, nchi moja. Kwa hiyo ukiuliza "mshindi wa jimbo anaumiza vyama vidogo?" umeuliza vibaya. Anaumiza chama kilichotawanyika, hata kikiwa kikubwa, na anakibeba chama kilichojikusanya, hata kikiwa kidogo.

Nusu ya pili ya hoja yako sikubaliani nayo. Wale 12 wenu wanagawiwa kwa kufuata viti ambavyo chama kimeshinda, kura hazihesabiwi. Chama kilichopendelewa majimboni kinapendelewa tena kwenye orodha. Upungufu unabaki vilevile.

Jirani_Kisumu
Lakini bado ni orodha ya chama na inagawanywa kwa uwiano. Wale 12 waliwekwa kwa ajili ya vijana, walemavu na wafanyakazi, hayo mambo ya kurekebisha hesabu hayakuwa lengo. Kila kanuni ihukumiwe kwa kazi iliyopewa.

Mhitimu_wa_Roma
Hapo una haki, na ni hoja nzuri. Ila usiihesabu Kenya kwenye safu ya uwiano kwenye slaidi, ndilo langu tu.

Mama_Nkasi
Samahani naingilia, mimi si msomi wa haya mambo. Nina mdogo wangu alikuwa diwani wa viti maalum. Kuna kata mbili zilikuwa na shida ya kisima, diwani wa kata haonekani, wakawa wanamfuata yeye. Alihangaika nalo mpaka likaingia kwenye bajeti ya halmashauri, pampu ikafungwa. Ulipofika wakati wa kura za ndani ya chama, waliopiga kura ni wajumbe, na wale wa kisimani hawamo. Akaondoka. Aliyemrithi hajawahi kufika huko kwenye kisima. Sasa mnaposema orodha, mimi nauliza: mbunge wa orodha anamwogopa nani? Kwa sababu mdogo wangu alijifunza kwamba anayepaswa kumwogopa si mwenye ndoo.

Binti_Nansio
Mama, hilo la "anamwogopa nani" naliandika kama lilivyo. Pole kwa mdogo wako.

Mhitimu, viti maalum vya ubunge hapa kwetu navyo vinagawanywa kwa kura za vyama, si ndiyo? Sasa na sisi tuko upande gani?

Mhitimu_wa_Roma
Vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia tano. Kwa hiyo tumewazidi Kenya hatua moja, tunatazama kura. Lakini mgao wetu hauangalii chama kimeshapata majimbo mangapi. Chama kilichozoa majimbo kinaingia kwenye foleni ya viti maalum kikiwa na mikono imejaa na kinapewa fungu lake kamili. Ni nyongeza juu ya matokeo, haifidii chochote. Tofauti kati ya kuongeza na kufidia ndiyo moyo wa wasilisho lenu, na Lesotho ilizionja zote mbili bila kubadilisha karatasi ya kura. Ngoja nile kwanza, narudi na hesabu.

Kibo_View
Tunasubiri mkuu. Ila mimi bado naona duru ya pili ingetatua. Huyo LCD alikuwa na asilimia 60, hata duru ya pili angeshinda.

Nyundo_Baridi
Basi Kibo umejijibu mwenyewe.

Mhitimu_wa_Roma
Nimerudi. Binti, weka hii kwenye ubao, darasa lihesabu lenyewe.

Baada ya moto wa 1998 vyama 12 viliketi kwenye chombo cha mpito, kila kimoja na watu wawili, na baada ya mivutano mirefu wakakubaliana: majimbo 80 yabaki, viongezwe viti 40 vya orodha, jumla 120. Mpiga kura anapewa karatasi mbili, moja ya mgombea wa jimbo, nyingine ya chama. Karatasi ya chama ndiyo inayosema chama kinastahili viti vingapi kati ya vyote 120. Unatoa majimbo kilichokwisha kushinda, kinachobaki unakipa kutoka kwenye orodha.

Mwaka 2002 LCD walipata karibu asilimia 55 ya kura za chama. Asilimia 55 ya 120 ni viti 66. Lakini majimboni walikuwa wamezoa karibu vyote, mpaka marudio yanaisha wana 79. Wanastahili 66, wanavyo 79, hawapewi hata kimoja cha orodha. BNP walikuwa na asilimia 22 na hawakushinda jimbo lolote, wakapata viti 21 vya orodha. Walistahili kama 27, lakini LCD wamekalia 13 zaidi ya haki yao na jumla haivuki 120, kwa hiyo pengo lile wamelilipa waliobaki. Hata hivyo ni watu 21 bungeni kwa chama ambacho miaka minne nyuma kilikuwa na mmoja. Maseru haikuungua.

Sasa 2007. Viongozi wa LCD wameshaelewa kwamba kura zao za karatasi ya pili haziwaletei kitu. Wakafanya makubaliano na chama kidogo cha NIP: LCD wasimamishe wagombea majimboni tu, na wafuasi wao karatasi ya pili waipe NIP, ambako wanasiasa wa LCD wamo kwenye orodha. Tom Thabane naye alikuwa amejitoa LCD na kuunda ABC, akafanya vivyo hivyo na chama kingine kidogo, LWP.

Matokeo: LCD majimbo 61, ABC majimbo 17. Karatasi ya pili, NIP karibu asilimia 52, LWP karibu asilimia 24. Tume ya uchaguzi inamtazama NIP: una majimbo mangapi? Hana hata moja. Basi anastahili fungu lake. Vile viti 40 vikagawanywa kana kwamba majimbo hayapo, NIP 21, LWP 10. Jumlisha kambi ya LCD: 61 na 21 ni 82.

Hesabu sasa kama kambi ingehesabiwa chama kimoja. Asilimia 52 ya 120 ni 62. Wana majimbo 61, wangestahili kiti kimoja cha orodha. Wakapata 21. Ujanja umewaletea viti kama 20.

Swali lenu ni: viti 20 vimetoka mfukoni mwa nani? Wengi watasema kwa ABC. Hesabuni. ABC na LWP kwa asilimia 24 walistahili kama 29, wana 17 na 10, yaani 27. Wamepoteza viwili tu, nao wamefanya ujanja uleule. Vyama vilivyobaki, vilivyopata kama asilimia 24 kwa pamoja bila kufanya makubaliano na mtu, navyo vilistahili kama 29. Vikapata kama 10. Hao ndio waliolipa, tena hata BNP, aliyelengwa kusaidiwa na mfumo mzima, alitoka na viti vitatu.

Nyundo_Baridi
Sasa umenisaidia mimi mkuu. Mfumo mgumu kiasi hicho mwananchi hauelewi, wenye akili ya hesabu wanaula. Mshindi wa jimbo kila bibi kijijini anaujua: aliyepata nyingi ameshinda. Usahili nao ni haki ya mpiga kura.

Mhitimu_wa_Roma
Nakubali usahili una thamani, lakini mpiga kura wa Lesotho alikuwa anauelewa vizuri mno, ndiyo maana aliweza kumpigia LCD kwenye karatasi moja na NIP kwenye nyingine bila kukosea. Kasoro ilikuwa sheria kumruhusu mtu mmoja kuingia kwenye hesabu kwa majina mawili. Wakabishana miaka, Masire, rais mstaafu wa Botswana, akapelekwa kusuluhisha. Sheria mpya ya 2011 ikaondoa karatasi ya pili kabisa. Sasa unapiga kura moja kwa mgombea wa jimbo, na kura hiyohiyo inahesabiwa kwa chama chake. Ujanja wa vyama pacha ukafa. Ila na uhuru wa kumpenda mbunge wa jimbo kutoka chama kimoja na chama kingine kitaifa ukafa nao.

Jirani_Kisumu
Na baada ya hapo? Nimesikia Lesotho hawakai na serikali.

Nyundo_Baridi
Ngoja nimjibu mimi. 2012 serikali ya vyama vitatu, viti 61 kati ya 120, imening'inia kwa kiti kimoja. 2014 bunge linafungwa, jaribio la mapinduzi, waziri mkuu Thabane anakimbilia Afrika Kusini. Uchaguzi 2015, uchaguzi tena 2017. Chaguzi tatu ndani ya miaka mitano. Tena 2012 chama kilichoongoza, DC ya Mosisili aliyekuwa waziri mkuu, kilikuwa na viti 48, kikawekwa nje na walioshika nafasi ya pili, ya tatu na wa viti vitano. Huo ndio uwiano wenu.

Mhitimu_wa_Roma
Yote uliyosema yalitokea. Bishano langu ni juu ya sababu. LCD yenyewe ilizaliwa 1997 Ntsu Mokhehle, akiwa waziri mkuu, alipotoka BCP na wabunge wengi na kuhamia nao kwenye chama kipya bila uchaguzi wowote, na hapo hakukuwa na kiti hata kimoja cha orodha. DC nayo ni Mosisili kutoka LCD kwa njia ileile. Kule wa orodha akihama chama anapoteza kiti, wa jimbo anahama nacho. Kwa hiyo mpasuko wa vyama ni wa zamani kuliko uwiano. Lakini sikatai kwamba bila uwiano serikali ya 2012 isingekuwa ya viti 61. Kwa kura zile za majimboni DC alikuwa na 41 kati ya 80, angetawala peke yake.

Nyundo_Baridi
Akiwa na asilimia ngapi ya kura?

Mhitimu_wa_Roma
Karibu 40.

Nyundo_Baridi
Mimi ningemwachia. Asilimia 40 zilizosimama zinanitosha kuliko 61 za viti zinazogombana.

Mama_Nkasi
Hao wa orodha wa Lesotho, wanawake wamo? Maana swali la binti lilikuwa na wanawake na hamjaligusa.

Mhitimu_wa_Roma
Sheria ya 2011 inataka orodha ipangwe mwanamke, mwanamume, mwanamke, mwanamume. Lakini viti vya orodha ni 40 tu, na vyama vidogo vingi vinaingiza mtu mmoja, yule wa juu kabisa, ambaye kwa kawaida ni kiongozi wa chama. Rwanda ni habari nyingine: viti 24 kati ya 80 vimetengewa wanawake, na 53 vinavyopigiwa kura kwa orodha havina jimbo kabisa, kwa hiyo mpangilio wa orodha unaonekana bungeni. Swali lako la "anamwogopa nani" lakini linabaki palepale, Mama. Orodha inamfikisha mwanamke bungeni na inamfunga kwa anayeipanga. Sina jibu la kulitatua hilo kwa sheria.

Mama_Nkasi
Waruhusiwe wananchi kupanga majina wenyewe kwenye karatasi.

Mhitimu_wa_Roma
Finland wanafanya hivyo, mpiga kura anaandika namba ya mgombea, na wingi wa namba ndio unaopanga orodha. Chama hakina la kusema juu ya nani anatangulia. Gharama yake ni kwamba wagombea wa chama kimoja wanashindana wao kwa wao, na mwenye pesa za mabango anaonekana zaidi.

Binti_Nansio
Nimeandika maswali upya, naomba myapitie kabla sijawapelekea wenzangu.

La kwanza, tunawapa darasa namba za NCCR na CUF za 1995 bila majina ya vyama, tunawauliza chama kipi kinapaswa kuupenda mfumo wa mshindi wa jimbo na kwa nini. La pili, tunawapa namba za Lesotho 2007 watafute viti 20 vimetoka kwa nani. La tatu ni la Mama Nkasi. La nne ni la Nyundo: kama ungekuwa Maseru mwaka 2012, ungechagua DC atawale peke yake kwa asilimia 40, au mseto wa viti 61? Hili la nne tunataka wapige kura kwa kunyoosha mikono kabla na baada ya kubishana.

Nyundo_Baridi
La nne limekaa vizuri. Ila uwaambie na yaliyotokea 2014, usiwafiche.

Mhitimu_wa_Roma
Na la pili ongeza kipande. Mwaka 2022 chama kipya cha RFP cha Sam Matekane, kilichoanzishwa miezi michache tu kabla, kilipata kama asilimia 39 ya kura na majimbo 56. Kwa karatasi moja, hakuna chama pacha. Asilimia 39 ya 120 ni 47, wao wana 56, wamezidi tena kama LCD wa 2002. Waulize kwa nini, wakati ujanja umeshazibwa. Jibu liko kwenye ile 80 na 40.

Jirani_Kisumu
Yaani viti vya orodha ni vichache kufidia. New Zealand na wao si wana mchanganyiko huo?

Mhitimu_wa_Roma
Wanao, tangu 1996, na chama kikizidi majimboni wao wanaongeza ukubwa wa bunge kwa muda ili wengine wasipunjwe. Lesotho wameganda kwenye 120.

Kibo_View
Basi waongeze viti vya orodha vifike 80 sawa na majimbo, imeisha.

Nyundo_Baridi
Nchi ya watu milioni mbili na kidogo iwe na wabunge 160? Au unapunguza majimbo, na uende wewe ukamwambie mbunge wa milimani kwamba jimbo lake linaunganishwa na la jirani.